Rangi Zenye Kazi Kwenye Jedwali la Kuzidisha

Jedwali la kuzidisha la kumi kwa kumi lina vyumba 100, lakini namba tofauti zilizomo ni 42 tu. Zilizobaki ni zilezile zinazojirudia. 24 imo mara nne: tatu mara nane, nane mara tatu, nne mara sita, sita mara nne. 49 imo mara moja tu. 11 haimo kabisa, wala 13, wala 22. Mtoto anayelikariri jedwali hilo kutoka nyuma ya daftari, kuanzia mbili mara moja mpaka kumi mara kumi, anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuyaona hayo, kwa sababu kichwani mwake kuna orodha tisa zilizofuatana na si kitu kimoja kilichoungana.

Chati ya ukutani yenye rangi ingeweza kumwonyesha. Tatizo ni kwamba chati nyingi zinazouzwa madukani zimepakwa rangi kwa ajili ya kupendeza. Safu ya mbili ni nyekundu, ya tatu ni bluu, ya nne ni kijani, na kadhalika hadi chini. Rangi ya namna hiyo inamsaidia mtoto asiruke mstari anaposoma, basi. Haimwambii lolote kuhusu namba yenyewe ambalo hakuwa amelijua kwa kuangalia namba ya pembeni.

Aliyelishughulikia jambo hili kwa makini alikuwa mwalimu wa Kibelgiji, Georges Cuisenaire, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufundisha katika mji wa Thuin. Alitengeneza vijiti vya mbao vya urefu kuanzia sentimita 1 hadi 10, kila urefu na rangi yake, na mwaka 1952 akatoa kitabu kuhusu njia yake hiyo. Rangi hakuzichagua ovyo. Mbili, nne na nane alizipa rangi za ukoo mmoja unaoanzia kwenye wekundu. Tatu, sita na tisa zikawa za kijani na bluu. Tano ikawa njano, na kumi ikawa rangi ya chungwa, iliyo jirani na njano. Saba, ambayo kati ya moja na kumi haina ndugu, ilibaki peke yake na weusi. Mtoto akishika kijiti cha nane na cha nne, rangi inamdokezea kwamba hizo mbili zina uhusiano hata kabla hajaambiwa.

Mwaka 1953 Cuisenaire alitembelewa na Caleb Gattegno, mwanahisabati aliyezaliwa Aleksandria, Misri, na huyo ndiye aliyeisambaza kazi yake duniani. (Miaka minne baadaye UNESCO ilimtuma Gattegno Ethiopia kwa shughuli za kufundisha watu kusoma, na huko akaanza kuipeleka rangi kwenye herufi.) Pamoja na vijiti kulikuwa na chati ya ukutani ya mazao, yaani majibu ya kuzidisha. Chati hiyo haikuwa na tarakimu. Kila zao lilionyeshwa kwa vipande viwili vya rangi vyenye umbo la mwezi mwandamo: rangi ya namba moja huku, na rangi ya namba inayoizidisha huku. Zao lenye njia mbili za kupatikana, kama 24, lilikuwa na jozi mbili za rangi. Ukiondoa safu ya moja na kuacha marudio, mazao yanayobaki hadi mia ni 37, na ndiyo yaliyokuwa kwenye chati.

Chati ya Cuisenaire inahitaji vijiti vyake ili ieleweke, na shule nyingi hazina. Lakini wazo lililo ndani yake, kwamba rangi lazima iseme kitu kuhusu namba, halihitaji vijiti. Mwalimu wa darasa la tatu au la nne anaweza kulitumia kwa karatasi za manila, rula ya ubaoni, kalamu ya wino mnene na krayoni.

Kipimo kinachofaa ni hiki. Karatasi mbili za manila za sentimita 59 kwa 84 huunganishwa kwa ubavu mrefu, zikawa kipande cha sentimita 118 kwa 84. Juu yake huchorwa vyumba vya sentimita saba na nusu kila upande, safu 11 za wima na 11 za mlalo, kwa kuwa safu ya kwanza kila upande ni ya vichwa, 1 hadi 10. Jedwali zima linachukua sentimita 82 na nusu kila upande, na pembeni inabaki nafasi ya sentimita 35 hivi kwa maelezo ya rangi. Tarakimu ziandikwe kwa wino mweusi, zenye kimo cha sentimita tatu hivi, ili aliyekaa nyuma azisome. Ukingo wa chini uwe kama sentimita 70 kutoka sakafuni. Watu wengi hupenda kutundika chati juu sana, karibu na dari, mahali ambapo mtoto hawezi kuigusa. Hii ni chati ya kuguswa.

Rangi haipakwi moja kwa moja kwenye jedwali. Njia nzuri ni kulifunika jedwali kwa karatasi safi ya nailoni, ile inayotumika kujaladia madaftari, na kupaka juu ya nailoni kwa kalamu ya wino mnene. Kila swali linakuwa na nailoni yake. Ukipaka yote kwenye karatasi moja, baada ya rangi ya tatu hakuna kinachoonekana tena ila uchafu. Nailoni isipopatikana, kila mtoto apewe jedwali dogo lililorudufiwa, apake mwenyewe, na lililo zuri zaidi libandikwe kando ya lile kubwa.

Swali la kwanza na liwe jepesi: namba zipi ni shufwa, yaani zinagawanyika kwa mbili? Kabla ya kupaka, watoto waulizwe wanadhani zitakuwa ngapi. Wengi watasema nusu, maana wanajua kwamba namba zinakwenda moja shufwa, moja witiri. Wakimaliza kupaka watakuta vyumba 75 vina rangi na 25 tu ni vyeupe, na kila cheupe kimesimama peke yake, kimezungukwa pande zote na rangi. Sababu wanaweza kuitafuta wenyewe. Safu yoyote ya namba shufwa imejaa rangi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukishakuwa na mbili ndani yake, ukizidisha na chochote mbili hiyo haitoki. Ili jibu liwe witiri, ni lazima namba zote mbili ziwe witiri. Kwa hiyo witiri tano za juu zinakutana na witiri tano za pembeni, na tano mara tano ni 25.

Nailoni ya pili ni ya tatu. Hapa ndipo chati inapoanza kupendeza kweli. Safu ya 3, ya 6 na ya 9 zinajaa rangi, kwa mlalo na kwa wima, na kati yake vinabaki vipande vyeupe, vingi vikiwa vya vyumba vinne vinne. Vyumba vyenye rangi ni 51, vyeupe ni 49. Jedwali linaonekana kama mkeka wa ukindu uliosukwa kwa rangi mbili.

Inafaa kukaa hapa kidogo na kuangalia ndani ya kipande kimoja cheupe. Kipande cha kwanza, pembeni kabisa juu, kina namba 1, 2, 2 na 4. Zigawanye kwa tatu na uandike baki: 1, 2, 2, 1. Sasa nenda kwenye kipande kilicho katikati ya jedwali, penye 16, 20, 20 na 25. Baki ni 1, 2, 2, 1. Nenda mbali zaidi, penye 49, 56, 56 na 64. Baki tena ni 1, 2, 2, 1. Kila kipande cha vyumba vinne, popote kilipo, kina baki zilezile na kwa mpangilio uleule. Mtoto aliyechoka kugawanya kwa tatu kwa ajili ya kupata alama atagawanya kwa hiari ili aone kama kipande kinachofuata nacho kitatii. Kitatii, kwa sababu baki ya jibu inategemea tu baki za zile namba mbili zinazozidishwa: mwenye baki 2 akikutana na mwenye baki 2 wanafanya 4, na 4 ikigawanywa kwa tatu inabaki 1.

Halafu inakuja nne, na hapo ndipo kuna jambo kubwa ambalo jedwali lisilo na rangi huficha. Watoto waliokwisha kupaka mbili na tatu watatarajia mistari tu: safu ya 4 na safu ya 8, mlalo na wima. Mistari hiyo ipo kweli. Lakini ipo pia rangi isiyotarajiwa, vyumba tisa vilivyotengana na mistari, kama vile 2 mara 2, 2 mara 6, 6 mara 6, 10 mara 6 na 10 mara 10. Vimetoka wapi? Mbili si kigawe cha nne. Sita si kigawe cha nne. Inakuwaje mbili mara sita, yaani 12, igawanyike kwa nne?

Jibu ni kwamba nne inaweza kuchangwa. Nusu yake, ambayo ni mbili, inatoka kwa namba ya juu, na nusu nyingine inatoka kwa namba ya pembeni. Tatu haichangwi hivyo. Ili jibu ligawanyike kwa tatu, ni lazima mmoja wa wawili aje na tatu nzima, kwa sababu tatu haipasuki kuwa namba ndogo zaidi zinazozidishana. Ndiyo maana ikaitwa tasa. Namba tasa ikipakwa rangi kwenye jedwali inatoa mistari mitupu: 2, 3, 5 na 7 zote ni hivyo, na 7 inatoa msalaba mmoja tu wa vyumba 19. Namba isiyo tasa inaacha vyumba vya rangi nje ya mistari yake. Sita inaacha 16, vyote mahali ambapo namba shufwa isiyo kigawe cha tatu imekutana na 3 au 9. Tisa inaacha vinne tu, mahali ambapo 3 na 6 zinakutana zenyewe kwa zenyewe. Kumi inaacha vinane, na vyote viko kwenye safu ya tano.

Vitabu vya shule hufundisha namba tasa kwa maelezo: ni namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Mtoto hukariri na kusahau, akaja mwaka wa mtihani akiwa na shaka kama 9 ni tasa au si tasa. Aliyeipaka tisa mwenyewe na kuona vyumba vinne vimechomoza nje ya msalaba ana njia ya kukumbuka. Na somo la Kigawe Kidogo cha Shirika, linalowatesa wengi baadaye, litamkuta tayari: akiweka nailoni ya nne juu ya nailoni ya sita, vyumba vyenye rangi zote mbili ni vya namba 12, 24, 36, 48, 60 na 72, yaani vigawe vya 12. Vyote ni vigawe vya 12, hakuna kinachokosea.

Chati hii ina faida nyingine ambayo mwalimu hakuitafuta. Inafichua makosa. Kuandika namba 100 kwa mkono si kazi ndogo, na kosa la kawaida ni kuzichanganya 54 na 56, sita mara tisa na saba mara nane. Tuseme mwalimu kachoka usiku na kwenye chumba cha saba mara nane ameandika 54. Kwa macho matupu chati inaweza kukaa ukutani muhula mzima na kosa lake. Lakini watoto wakipaka vigawe vya saba kwa kuangalia namba iliyoandikwa, msalaba wa saba unatoka na tundu, kwa kuwa 54 haigawanyiki kwa saba. Wakipaka vigawe vya tatu, chumba kimoja kinajaa rangi katikati ya kipande kilichopaswa kuwa cheupe. Wakipaka vigawe vya tisa, kinatokea chumba cha tano nje ya mistari wakati vilipaswa kuwa vinne. Nailoni ya mbili peke yake isingelikamata kosa hilo, kwani 54 na 56 zote ni shufwa. Hapo darasa linajifunza kwamba ruwaza ikivunjika mahali pamoja, pana la kuchunguza.

Kwa masharti haya, hata hivyo: watoto wapake kwa kugawanya, wasipake kwa kunakili. Darasa likishaona kwamba tatu inatoa mistari, kuna wajanja watakaojaza mistari bila kusoma hata namba moja, na kosa litapita salama chini ya rangi zao. Njia rahisi ya kuwatambua ni kuwapa namba isiyo tasa, nane kwa mfano. Aliyejaza msalaba wa nane na kuacha vyumba saba vya nje, kama 4 mara 6 na 4 mara 10, hakusoma.

Kuhusu kukariri, chati haiondoi kazi hiyo, ila inaipunguza. Kunja jedwali kwenye mshazari unaopita 1, 4, 9, 16 hadi 100, na upande mmoja utalingana na mwingine chumba kwa chumba. Vyumba 100 vimebaki 55 vya kujifunza. Ondoa safu ya moja na ya kumi, ambazo hakuna asiyezijua, vinabaki 36. Ondoa safu ya mbili na ya tano, ambazo watoto huzishika mapema kwa kuhesabu fedha na vidole, vinabaki 21. Mwalimu anaweza kuvizungushia mstari mnene vyumba hivyo 21 kwenye nailoni ya mwisho. Vimejaa pale pale ambapo watoto hukwama: 6, 7, 8 na 9. Mtoto anayeambiwa bado ana 21 anakuwa na kazi inayoonekana mwisho wake, tofauti na yule anayeambiwa akajifunze tebo zote.

Mipaka yake nayo ni ya kweli. Njano ya krayoni haionekani kutoka mita tano, hasa jua likiingia, kwa hiyo ifae kwa madaftari na si kwa ukuta. Kuna watoto, wengi wao wavulana, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Kuwawekea rangi hizo mbili kwenye nailoni mbili zinazopandana ni kuwanyima somo bila kujua. Bluu na rangi ya chungwa zinawafaa zaidi, au chati itumie mistari na nukta pamoja na rangi. Chati isitazamane na dirisha, kwa sababu wino hupauka kwa jua. Na katika darasa la watoto 80 au 100, chati moja ya ukutani inaonwa vizuri na walio mbele tu. Huko yale majedwali madogo ya kila kundi ndiyo yanayofanya kazi, na la ukutani linabaki la kujumlishia majibu.

Maafisa elimu hupenda kuona kuta zilizojaa chati, na darasa la namna hiyo huliita darasa linaloongea. Chati iliyotundikwa Januari na kutoguswa hadi Desemba inaacha kuonekana baada ya wiki chache, haijalishi ina rangi ngapi. Nailoni moja kwa wiki, kwa wiki tisa, inatosha kumaliza 2 hadi 10 na kubaki na muda wa kuzipandanisha mbili mbili.

Mzazi au mwalimu anayetaka kununua chati iliyochapishwa tayari anaweza kuipima pale pale dukani kabla ya kutoa pesa. Atafute 12 mahali pote ilipo: mbili mara sita, tatu mara nne, nne mara tatu, sita mara mbili. Kama 12 hizo zina rangi nne tofauti, rangi hizo zimepakwa kupamba ukuta. Anunue manila mbili na kalamu nyeusi, gharama itakuwa ndogo na watoto watapata zaidi.